"Imesajiliwa BRELA Dada": dhana potofu kuhusu ajensi za kazi hapa Mwanza

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Kijana kakaa mbele yangu na barua ya ofa mkononi, nikamuuliza hiyo ajensi umeichunguza, akanijibu kama walivyonijibu wengine wote kabla yake: "ndiyo dada, imesajiliwa BRELA, cheti nimekiona ukutani." Nimefanya kazi za rasilimali watu miaka 11, mingi kati ya hiyo kwenye viwanda vya samaki huku huku kwetu, siku hizi nasaidia watu kusoma mikataba kabla hawajaweka saini, na hilo jibu la BRELA nimelisikia mpaka naliota. Kwa hiyo leo naliongelea kwa kirefu, mengine nitayapitia haraka.

DHANA: ajensi ikiwa na usajili wa BRELA basi ni halali kukutafutia kazi.

Ukweli ni kwamba BRELA inasajili makampuni na majina ya biashara. Inaangalia jina lisigongane na la mwingine, inaandika wenye nalo ni nani na anwani yao iko wapi, basi. Haijakaa ikapima kama huyu mtu anafaa kuunganisha watu na waajiri. Wewe una kitambulisho cha NIDA, kinathibitisha kuwa upo na unaitwa fulani, ila hakikupi ruhusa ya kumchoma mtu sindano. Uwakala wa ajira una kibali chake, kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya 1999 na kanuni za mawakala binafsi za 2014, na hicho ndicho watu hawakiulizi kabisa!

Sasa niwasimulie binti mmoja, maana yeye alifanya vizuri kuliko wengi niliowaona. Kwao Sengerema, kamaliza stashahada ya ugavi, kakaa nyumbani mwaka na zaidi, halafu ajensi moja yenye ofisi maeneo ya Nyakato ikampa ofa ya msaidizi wa stoo kwenye kiwanda cha samaki, mshahara 450,000 kwa mwezi, aanze Jumatatu, ila kwanza alipe 85,000 ya sare na vipimo vya afya. Baba yake alishaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi. Akanipigia, "shikamoo dada, naomba unisomee barua", nikamwambia marahaba, barua nitaisoma ila nataka kwanza tuwasome hao walioiandika.

Alianza na jina. Nilimwambia liandike herufi kwa herufi kutoka sehemu tatu, kwenye barua, kwenye mhuri na kwenye kile cheti cha ukutani, kisha uyalinganishe. Barua ilikuwa na jina linaloishia na Limited. Mhuri nao Limited. Cheti alichokipiga picha kilikuwa na jina lile lile bila hilo neno la mwisho, na juu kimeandikwa ni cheti cha usajili wa jina la biashara. Wengi wangepita hapo bila kushtuka. Kampuni yenye dhima ya ukomo na jina la biashara ni vitu viwili tofauti, jina la biashara ni mtu tu kajipa jina la kufanyia shughuli zake, na haliruhusiwi kubeba neno Limited. Maana yake hiyo "kampuni" iliyosaini barua pengine haipo kabisa, na ukija kudai kitu unamdai mtu binafsi ambaye jina lake kwenye barua halipo.

Akaingia kwenye mfumo wa BRELA, ors.brela.go.tz, kuna sehemu ya kutafuta iliyo wazi kwa kila mtu. Akatafuta kwenye makampuni, hakuna kitu. Akatafuta kwenye majina ya biashara, likatokea, na namba yake ya usajili na tarehe, miaka mitatu nyuma. Kwa hiyo kweli imesajiliwa, hawakumdanganya hapo, na ndiyo maana hiyo dhana inanichosha, mtu anaangalia kitu cha kweli anakifanya kiwe jibu la swali lingine. (Ingekuwa kampuni ningemwambia alipie upekuzi rasmi BRELA apate majina ya wakurugenzi na wanahisa, inasaidia sana ukitaka kujua kama ni watu wale wale wamebadilisha jina tu.)

Hatua iliyofuata ilikuwa leseni. Akarudi ofisini kwao akaomba kwa adabu kuona leseni ya uwakala wa ajira. Wakamtolea leseni ya biashara ya halmashauri, iko hai kabisa, haijaisha muda. Nilikuwa nimeshamwonya asiangalie tarehe peke yake, asome mstari wa aina ya biashara. Umeandikwa steshenari na huduma za intaneti. Alipowauliza kuhusu kibali cha Kamishna wa Kazi, dada wa mapokezi akamwambia "sisi tuko chini ya BRELA." Nilipoletewa hilo jibu nilijikuta nimesimama. Akaenda Ofisi ya Kazi ya mkoa, akaeleza shida yake, wakamwangalizia kwenye mawakala wenye kibali, hilo jina halipo. Hakulipa chochote kuuliza.

Mwisho akaenda kwa mwajiri mwenyewe, na hapa nina msimamo mkali: namba ya simu ya mwajiri usiichukue kwenye barua ya ajensi. Namba ya kwenye barua anapokea yule yule aliyeiandika. Tafuta mwenyewe, au kama kiwanda kiko hapa hapa Mwanza panda daladala ufike getini. Binti akafika getini saa mbili asubuhi, akasubiri mpaka saa tano kasoro, mtu wa rasilimali watu akatoka. Akamwambia hatuna nafasi ya stoo mwaka huu, hao watu tunawafahamu, zamani walikuwa wanatuletea vibarua wa kushusha samaki, tuliachana nao. Kumbe ile picha kubwa iliyokuwa ofisini kwao, wenyewe wamesimama mbele ya kiwanda na mabuti meupe, ilikuwa ya kweli! Ni ya zamani tu. Ndiyo uone ugumu wake, karibu kila kitu alichoonyeshwa kilikuwa na ukweli fulani ndani yake, jina limesajiliwa, leseni iko hai, picha halisi, ila hakuna hata kimoja kilichosema hawa wana ruhusa ya kukupa hii kazi na kwamba hii kazi ipo.

DHANA: hela ya fomu, sare au vipimo ni kawaida, mradi siyo nyingi.

Hapana. Kanuni za 2014 zinakataza wakala kumtoza mtafuta kazi, anayemlipa wakala ni mwajiri. Wamejifunza kutokuita "ada ya kazi", wanaita fomu, mafunzo, sare, vipimo, usafiri. Jina libadilike, hela inatoka kwako kwenda kwao kabla hujaanza kazi, basi ni ada. Na ukiambiwa utume kwa simu, soma lile jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu binafsi wakati barua inasema kampuni, simamisha hapo hapo.

DHANA: ajensi mpya ni ya matapeli.

Hii nayo siipendi, inawaumiza watu wanaoanza vizuri. Nimefanya kazi na ajensi iliyokuwa na miezi saba tu, ina kibali chake, haijamtoza mtu hata mia. Upya una maana pale tu wanapokudanganya kuhusu umri wao, mtu anakwambia tumekuwepo tangu 2010 halafu usajili ni wa mwaka jana. Hapo kinachokuhusu ni uongo.

DHANA: barua yenye mhuri ndiyo mkataba.

Mhuri unachongwa mjini unausubiri hapo hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako, majukumu, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, sehemu ya kazi, saa za kazi, malipo na yanavyokokotolewa. Barua ya yule binti ilikuwa na mshahara na tarehe tu. Haikusema mwajiri wake ni kiwanda au ni ajensi, na hilo ndilo litakaloamua nani anapeleka makato yako NSSF na nani utamshtaki usipolipwa.

DHANA: ukiuliza maswali mengi nafasi anapewa mwingine.

Hili vijana wanalisema kwa uoga wa kweli na siwezi kuwalaumu, kazi hakuna. Ila nimekaa upande wa pili wa ile meza miaka mingi, sijawahi kumnyima mtu kazi kwa sababu kaomba kuona kibali cha wakala wetu. Swali lenyewe liwe fupi na la heshima: "Naomba kuona kibali chenu cha uwakala kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na jina la mtu wa kuwasiliana naye kwa mwajiri." Litume kwa meseji ili jibu libaki kwenye simu. Ajensi yenye kibali inakutumia picha siku hiyo hiyo. Isiyokuwa nacho inaanza kukuharakisha, nafasi zimebaki mbili, mwisho leo saa kumi.

Binti hakulipa, mbuzi wa baba yake yupo Sengerema. Rafiki yake waliyeitwa naye siku moja alikuwa ameshalipa 85,000, na juzi walikuja wote wawili kwangu na risiti. Nikamwomba aisome mwenyewe kwa sauti. Mahali pa maelezo ya malipo waliandika "uchapaji na fotokopi". Hela yenyewe aliituma kwa simu kwa namba ya mtu binafsi, na ile meseji ya muamala yenye jina la mpokeaji kwa bahati hakuifuta, kwa hiyo tumeichapa pamoja na barua ya ofa na picha ya cheti, nakala mbili mbili, moja ya Ofisi ya Kazi na nyingine ya polisi. Kesho asubuhi tunaongozana naye.