Vidoti vya puani na plasta isiyovimaliza

Swali: Nina miaka 22, nauza samaki Mwaloni, Kirumba. Pua yangu imejaa vidoti. Nikibandika plasta ya pua vinatoka, baada ya muda vimerudi vyote. Nifanyeje viishe kabisa?

Jibu: Mdogo wangu, chukua kioo usimame kwenye mwanga wa mchana. Kama vidoti ni vingi, vimepangana karibu sawasawa, vina rangi ya kijivu au njano iliyofifia, na ukipitisha kidole pua ni laini, hizo si chunusi. Ni nyuzi za mafuta. Chini ya kila kinyweleo cha puani kuna tezi inayotoa mafuta, nayo hupanda juu yakiwa yamechanganyika na seli zilizokufa na bakteria wanaoishi humo siku zote. Kila mtu anazo; kwa mwenye ngozi ya mafuta zinaonekana zaidi.

Chunusi nyeusi ni kinyweleo kilichoziba. Huwa chache, zimetawanyika, na kila moja ina kichwa cheusi ambacho mara nyingi kidole hukigusa. Weusi ule si uchafu, kwa hiyo kusugua kwa dodoki hakuutoi.

Swali: Mbona kwenye plasta naviona vimesimama kabisa?

Jibu: Umeng'oa kilichokuwa juu. Tezi iko ndani zaidi, plasta haiifikii, nayo haiachi kutoa mafuta. Kinyweleo kitajaa tena, pengine baada ya siku chache, na kwa kawaida mwezi hauishi. Kuminya kwa kucha ni kubaya zaidi. Ukuta wa kinyweleo unaweza kupasuka kwa ndani, mafuta yakamwagika kwenye ngozi, na penye uzi usiouma pakaota kipele chenye usaha. Kwa ngozi zetu nyeusi kipele hicho huacha baka la kukaa miezi.

Swali: Sasa nipake nini?

Jibu: Ulizia famasi dawa ya kupaka usoni yenye asidi ya salisiliki asilimia 2. Hiyo huyeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana inaingia ndani ya kinyweleo. Paka puani usiku, mara 2 au 3 kwa wiki, ukiwa umenawa na kukauka. Ngozi ikibabuka au kuwasha, punguza. Jipe wiki 8. Vidoti vitafifia, lakini havitaisha, na ukiacha dawa vitaonekana tena.

Kama ni chunusi nyeusi kweli, jeli ya adapalini asilimia 0.1 inafaa zaidi, ila usiitumie ukiwa mjamzito au ukitafuta mtoto. Mchana vaa kofia pana na upake losheni ya kuzuia jua, maana pale mwaloni jua linakupiga kutoka juu na kutoka majini.

Nakuomba pia uziepuke krimu za kuchanganywa dukani, zisizo na lebo. Nyingi zina steroidi, ambazo hulainisha uso kwa wiki chache, kisha huleta chunusi za kweli na kuichubua ngozi ikabaki nyembamba.