Gunia limelowa chini, juu kavu: mahindi ya juu yanaliwa?

Mto Sabaki ukivimba, hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote katika kazi yangu ya afisa afya huku Malindi. Jibu ni hapana, na ndipo ubishi unapoanza.

Juzi niliingia jiko moja karibu na mto. Alama ya tope ukutani ilinifika magotini. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshamwaga mahindi ya chini na kuanika ya juu mkekani. Nikatia mkono katikati ya gunia: punje zilikuwa na joto na zimegandamana, zanuka uvundo. Maji ya mafuriko yamepitia vyooni, na gunia huyanyonya hadi pale jicho lisipoona. Ubaya zaidi ni ukungu, ambao baadhi yake hutoa sumu ya aflatoksini. Kuanika hakuiondoi, kusaga wala kusonga sima hakuimalizi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya, hasa Ukambani.

“Basi niwape kuku na mbuzi?”

“Hata wao usiwape, mama. Sumu hupita kwenye mayai na maziwa.”

Tukayafukia. Unga, sukari na chumvi za pakiti zikafuata, pamoja na soda na mafuta ya chupa, maana tope hujificha chini ya kifuniko. Makopo ya bati yasiyobonyea wala kutu tuliyaokoa: toa karatasi, osha kwa sabuni, chemsha dakika 2, kisha andika upya jina na tarehe ya mwisho.

Lakini kuosha kwa maji gani? Kisima chake kilikuwa kimefunikwa na mafuriko, kwa hiyo tulianza na maji. Tope hula dawa ya klorini kabla haijafikia vijidudu. Acha maji yatuame, yachuje kwa leso safi iliyokunjwa mara nne, ndipo uyachemshe hadi yatokote kwelikweli kwa dakika 1. Kuni zikiwa zimelowa, tia dawa ya maji kama chupa inavyoelekeza, koroga, ngoja dakika 30. Yanuse: harufu hafifu ya klorini ikikosekana, rudia kipimo na ungoje tena. Maji yenye harufu ya petroli au dawa ya shamba hayatibiki kwa njia hizi.

Sufuria, sahani na vijiko vya chuma huoshwa kwa sabuni na kuchemshwa. Vikombe vya udongo visivyo na ufa, loweka dakika 15 katika lita 10 za maji zenye vijiko 4 vya chakula vya jiki isiyo na manukato, suuza kwa maji yaliyotibiwa, vikauke vyenyewe bila kufutwa na kitambaa.

Mwiko, kifumbu, ungo na kibao cha kukatia vilivyolowa, tupa. Mbuzi wa kukunia nazi, mama alimng’ang’ania, kwa kuwa ni wa mamake. Nikamwambia ang’oe ule ulimi wa chuma auchemshe, na fundi atauchongea kiti kipya.