Kununua kiwanja kwa awamu: kabla ya kusaini soma kwanza kipengele cha kuchelewa

Hapa dawati la msaada wa kisheria Mtwara mikataba ya viwanja vya kulipa kidogokidogo tunaletewa sana, na ile ya kuchapwa stationari karibu yote ina sentensi hii: "Mnunuzi akichelewa awamu yoyote mkataba umevunjika na pesa hairudishwi." Watu wanasaini tu.

Tuseme kiwanja chenye hati huko Mikindani bei milioni 9, kianzio milioni 3, halafu awamu nne za milioni moja na nusu, na awamu ya mwisho imewekwa mwezi wa saba. Mnunuzi ni mkulima wa korosho, pesa yake inaingia baada ya minada kuanza, mwezi wa kumi huko na kuendelea. Ameshalipa milioni 7 na nusu, mwezi wa saba hana kitu, muuzaji anamwambia kiwanja nishamuuzia mwingine. Ukienda mahakamani Sheria ya Mikataba, kifungu cha 74, inasema fidia ya muuzaji kwa wewe kuvunja mkataba iwe ya kadiri na isizidi kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, kwahiyo unaweza kupigania pesa yako, ila hiyo kesi utaisukuma muda mrefu na nauli juu.

Sasa bora kipengele kiandikwe vizuri mwanzoni. Tarehe za awamu zifuate msimu wako wa korosho. Ukichelewa, muuzaji akupe notisi ya maandishi ya siku 30, ukishindwa bado ndo avunje, na akate kwa mfano asilimia 10 ya bei, yaani laki 9, ile milioni 6 na laki 6 akurudishie kabla hajamuuzia mtu mwingine. Muuzaji mkweli hilo halimsumbui, anayekataa kabisa mimi ningemwogopa.

Na kabla hata ya kianzio usiridhike na kopi ya hati, kopi haikwambii kama kiwanja kimewekwa rehani benki. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, utaona jina la mmiliki, rehani na mazuio. Muuzaji akiwa na mwenza, ridhaa yake iwe ya maandishi. Mkishasaini peleka kaveati, yaani zuio la kiwanja kisihamishiwe mwingine bila wewe kujua, kwa Msajili chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, maana wewe unalipa miezi mingi huku hati bado inasoma jina lake, na hapo katikati ndo watu wanaliwa. Kabla ya awamu ya mwisho fanya upekuzi tena.

Risiti nazo, lipa kwa benki kwenye akaunti ya mwenye jina kwenye hati, sio ya mdogo wake, na kila awamu muuzaji asaini risiti yenye namba ya kiwanja, awamu ya ngapi, kiasi kwa tarakimu na maneno, na salio lililobaki. Hilo salio wengi hawaliandiki, mwishoni muuzaji anadai bado milioni mbili na wewe una karatasi tano zisizojumlisha kitu.