Msogezo ulio karibu mno hauharibu jibu

Katika mbinu ya kurudia kwa kinyume, tunatafuta vekta eigeni ya matriki A kwa kutatua (A − σI)y = x, kisha y iliyosawazishwa inakuwa x ya hatua inayofuata; msogezo σ ni kadirio letu la thamani eigeni. Hofu huwa hii:

"Nikichagua σ karibu sana na thamani eigeni, A − σI inakaribia kukosa kinyume, kwa hiyo jibu litajaa makosa."

Makosa yapo, ila huelekea kulekule tunakotaka, upande wa vekta eigeni. Chukua A = [2 1; 1 2], yenye thamani eigeni 1 na 3, na σ = 2.999. Ukitatua (A − σI)y = (1, 0), unapata y ≈ (499.75, 500.25). Sehemu ya upande wa (1, 1) imekuzwa mara 1000, ya (1, −1) nusu tu. Makosa ya kukadiria tarakimu nayo hukuzwa vivyo hivyo: urefu wa y hupotoka, mwelekeo haupotoki. (Urefu tunausawazisha kila hatua hata hivyo.)

Cha kuogopa ni σ = 2: thamani zote mbili ziko umbali sawa, na vekta hurukaruka kati ya (1, 0) na (0, 1) bila kutulia.