Ukurasa wa Maulidi ya Mwaka Juzi Bado Unauza Vyumba Vyako

Tangu Maulidi yaliyopita, dawati letu hapa Lamu limepokea malalamiko ya aina moja: bei aliyoiona mgeni mtandaoni siyo aliyoikuta mlangoni. Wenye nyumba wanaapa kwamba bei mpya wameiweka, na mara nyingi ni kweli.

Chukua nyumba moja ya wageni ya Mkomani. Blogu yake ina `/maulidi-2024` na `/maulidi-2025`. Ule wa kwanza umekaa muda mrefu, na tovuti nyingine zimeuwekea viungo, basi Google inaendelea kuutanguliza pamoja na bei zake za zamani. Anayeandika ukurasa mpya kila mwaka huanza upya kila mwaka. Uwe na mmoja tu, `/maulidi-lamu`, usio na mwaka kwenye anwani, uusahihishe bei, ratiba na usafiri kila msimu. Kurasa za zamani usizifute, zielekeze huko. Kwa seva ya Apache, faili ya `.htaccess` huandikwa hivi:

```
Redirect 301 /maulidi-2024 /maulidi-lamu
Redirect 301 /maulidi-2025 /maulidi-lamu
```

Sasa kalenda ya maudhui. Maulidi hufuata Mfungo Sita, na mwezi huo hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kizungu. Aliyejiwekea ukumbusho wa tarehe ileile ya Julai atachelewa siku 11 mwakani na 22 mwaka wa pili. Andika kwanza tarehe ya sherehe za Msikiti wa Riyadha, kisha rudi nyuma wiki kumi. Hapo ndipo ukurasa usahihishwe. Wiki hizo si nyingi: mgeni hukata tiketi mapema, na Google yenyewe huweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki, kabla ya kuusoma tena.

Ukishausahihisha, fungua Search Console, bandika anwani kwenye `URL Inspection`, bonyeza `Request Indexing`. Usiridhike na maneno `URL is on Google`, kwani huenda kinachoonekana bado ni nakala ya zamani. Tazama `Last crawl`: ikitangulia siku uliyobadilisha bei, subiri.

Na tafadhali, kubadilisha tarehe ya makala bila kugusa maandishi hakusaidii. Tumelisema hili kila semina.

Picha nazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu pia sura ya mgeni kwenye blogu ya biashara. Pata idhini yake kabla, kwa maandishi ikiwezekana, ikitaja picha na matumizi yake, na uihifadhi, kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha idhini ni wako. Akiiondoa idhini, ishushe picha. Kamishna wa Data anaweza kutoza hadi shilingi milioni 5, au kwa biashara asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Kwa picha za mbio za punda, tumia za mbali zisizotambulisha watu.