Vijiko vinne vya kitani kibichi kila asubuhi: nini kinatokea ndani ya blenda

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu na kopo lililojaa unga wa mbegu za kitani, zile ambazo madukani wengi huziita flaksi. (Wengine huzichanganya na katani, yaani mkonge. Hayo ni mambo mawili tofauti.) Alikuwa ameshauriwa na jirani yake azitumie kwa ajili ya choo kigumu na kupunguza mwili. Kila asubuhi kabla ya kula kitu aliweka vijiko vinne vya chakula vilivyojaa vizuri kwenye blenda, akaongeza maji na ndizi, akasaga na kunywa palepale. "Daktari, nusu saa haipiti kichwa kinanigonga na kizunguzungu kinanishika," aliniambia. "Nikiacha siku mbili, sisikii kitu."

Maumivu ya kichwa yana sababu nyingi, na kwa maelezo peke yake siwezi kuapa kwamba yake yalitoka kwenye lile kopo. Lakini kiasi alichokuwa akinywa kilinitosha kumwambia aache siku hiyohiyo.

Mbegu ya kitani ina glikosidi za sianidi. Ni sukari iliyofungamana na kiini cha sumu, na ikiwa imefungamana hivyo haidhuru. Mbili kubwa zinaitwa linustatini na neolinustatini. Ni ndugu wa karibu wa linamarini, ile inayoufanya muhogo mchungu uwe na sumu. Mbegu hiyohiyo ina pia kimeng'enya kinachoweza kuzikata, ila imevitenga viwili hivi, kila kimoja mahali pake. Ukimeza mbegu nzima bila kuitafuna, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka ilivyoingia. Ukiisaga na kuitia maji, kuta zinavunjika, kimeng'enya kinakutana na glikosidi, na sianidi inaachiliwa. Mmea hujilinda hivyo dhidi ya wadudu wanaoutafuna, na blenda hufanya kazi ya meno yao, tena kwa ukamilifu zaidi.

Sianidi ikiingia kwenye damu huzuia chembechembe za mwili kutumia oksijeni. Damu inaweza kuwa na oksijeni ya kutosha, lakini chembe hazina namna ya kuitumia, na ubongo na moyo ndivyo hulalamika kwanza: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, pumzi za haraka, na ikizidi, kuchanganyikiwa na kuzimia. Mwili una kinga yake. Ini huchukua salfa itokanayo na protini, huiunganisha na sianidi, na kinachopatikana hutoka na mkojo. Kazi hiyo ina kasi yake, kwa hiyo kiasi kidogo kinachoingia taratibu husafishwa bila wewe kuhisi chochote, na kingi kinachoingia kwa mkupuo mmoja ndicho kinachoipita kinga.

Sasa tuhesabu kikombe cha yule mama. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inakadiria kwamba mtu anaweza kupokea mikrogramu 20 za sianidi kwa kila kilo ya uzito wake, kwa mara moja, bila kudhurika. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 1.2. Hata hivyo, kitani hakiachii sumu yake yote kwenye damu kwa haraka. Watafiti wa Ujerumani walipima damu ya watu waliojitolea, wakaona kwamba kitani kilipandisha sianidi chini ya nusu ya kiwango kilichopandishwa na muhogo wenye kiasi kilekile cha sumu. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Ulaya hulegeza hesabu ya kitani karibu mara tatu, na mpaka wa mtu wa kilo 60 unafika miligramu 3.6 hivi.

Kijiko cha chakula kilichojaa vizuri hubeba karibu gramu 10 za unga, kwa hiyo vijiko vyake vinne ni gramu 40. Sheria ya Ulaya inaruhusu kitani kinachouzwa kwa mlaji kiwe na hadi miligramu 150 za sianidi kwa kilo. Hata kama kopo lake lingekuwa ndani ya kiwango hicho, gramu 40 zingeweza kubeba miligramu 6. Lingekuwa na miligramu 250 kwa kilo, kikombe kingefika miligramu 10. Ukigawa kwa uangalifu, unaona kwa nini Wajerumani husema gramu 15 kwa mlo zinatosha kwa mtu mzima, na kwa nini Wasweden wamekwenda mbali zaidi na kuwashauri watu waache kabisa kitani kilichosagwa, na mbegu nzima zisizidi kijiko kimoja au viwili kwa siku. Mtoto wa kilo 12 hana nafasi hiyo. Kijiko kimoja cha chai cha unga wenye sianidi nyingi kinaweza kumfikisha karibu na mpaka wake, na ndiyo maana siwashauri wazazi kuuchanganya mbichi kwenye chakula cha watoto.

Yule mama aliuliza swali zuri: akizikaanga kwanza, je? Nilimwonyesha kwa karatasi ya pikrati, ile tunayopimia muhogo. Unaweka unga kidogo na maji kwenye kichupa, unaning'iniza juu yake kipande cha karatasi ya njano, unafunga kifuniko na kuacha hadi kesho yake. Sianidi ikitoka, njano inageuka kuwa rangi ya chungwa, kisha kahawia. Unga wake mbichi uligeuza karatasi kuwa kahawia. Unga wa mbegu zilizokaangwa uliiacha njano, naye akatabasamu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Moto umeua kimeng'enya, lakini glikosidi yenyewe huvumilia joto na bado imo. Karatasi imebaki njano kwa sababu hakuna wa kuikata, si kwa sababu sumu imekwisha. Ili kipimo kiseme kweli lazima tuongeze kimeng'enya kingine au tuchemshe sampuli kwa asidi. Na ndani ya utumbo mpana wapo bakteria wanaoweza kufanya kazi hiyohiyo polepole. Kukaanga kunapunguza hatari ya mkupuo, ila hakukupi ruhusa ya kula vijiko vinne.

Njia iliyo bora ni kutumia kimeng'enya kabla ya kukiua, kama wanavyofanya wanaokuna muhogo na kuuacha kabla ya kuukaanga. Koroga unga kwenye maji ya uvuguvugu, uache saa chache bila kuufunika kabisa, kisha upike uji wake sufuria ikiwa wazi na dirisha wazi. Sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo mvuke huichukua. Ute wa kitani huishikilia kidogo, basi koroga mara kwa mara. Hata hapo, kijiko kimoja kwa mlo kinatosha. Mafuta ya kitani hayana tatizo hili, kwa kuwa glikosidi hubaki kwenye mashudu. Kwa hiyo unga uliokamuliwa mafuta huwa na sumu zaidi kwa kila gramu.

Anayekula ugali wa muhogo kila siku na protini kidogo, anayevuta sigara, mwenye goita, na mjamzito, hao nawaambia wasitumie kitani kibichi kabisa. Ukiumwa kichwa, ukapata kizunguzungu na pumzi za haraka ndani ya saa moja baada ya kukinywa, nenda hospitali na ubebe kopo. Usipoteze muda kwa kunywa maziwa, hayaondoi sianidi.

Mama yule sasa hupika kijiko kimoja kwenye uji wa mtama.