Kutoka mshahara ghafi hadi unaoingia mkononi: hesabu ya PAYE kipande kwa kipande

Watu wengi wanaopokea mshahara Tanzania Bara wanajua kwamba kiwango cha juu cha kodi ya ajira ni asilimia 30. Wanachokosa kujua ni kwamba hakuna mtu, hata mwenye mshahara wa milioni kumi, anayetozwa asilimia 30 ya mshahara wake wote katika ajira yake kuu. Kutoka hapo ndipo huzaliwa ile hofu ninayoisikia kila msimu wa nyongeza: "Wakiniongezea laki moja nitavuka milioni, kodi itanimaliza, bora nibaki nilipo." Hofu hiyo haina msingi, na anayeijua hesabu yenyewe anaweza kuithibitisha kwa kikokotoo cha simu.

Kodi hii hukatwa kwa vipande. Kipato cha mwezi hugawanywa katika sehemu tano, na kila sehemu ina kiwango chake kisichogusa sehemu iliyo chini yake. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kinachofuata, kuanzia 270,000 hadi 520,000, hutozwa asilimia 8. Kuanzia 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, kisha asilimia 25 hadi kufika 1,000,000, na kila shilingi iliyozidi milioni moja hutozwa asilimia 30.

Ukijaza kipande cha pili chote, yaani 250,000, kodi yake ni 20,000. Kipande cha tatu kina upana wa 240,000 na hutoa 48,000, kwa hiyo jumla inafika 68,000. Cha nne nacho kina upana wa 240,000, kinatoa 60,000, na jumla inakuwa 128,000. Ndiyo maana jedwali la TRA husema "128,000 jumlisha asilimia 30 ya kiasi kinachozidi 1,000,000". Ile 128,000 si ada ya kuvuka milioni. Ni kodi ya vipande vya chini ambavyo umeshavijaza, imejumlishwa mapema ili usirudie kuihesabu.

Sasa tuchukue mfanyakazi wa sekta binafsi mwenye mshahara wa msingi wa 1,000,000 na posho ya nyumba ya 200,000 inayolipwa taslimu kila mwezi. Mshahara ghafi ni 1,200,000. Yuko NSSF, na mwajiri wake humkata asilimia 10 ya mshahara ghafi. Pia anarejesha mkopo wa elimu ya juu.

Kinachokatwa kwanza ni mchango wa hifadhi ya jamii, maana huo hutoka kabla ya kodi. Asilimia 10 ya 1,200,000 ni 120,000, kwa hiyo kipato kinachotozwa kodi ni 1,080,000. Kiasi hicho kimezidi milioni kwa 80,000 tu. Asilimia 30 ya 80,000 ni 24,000, jumlisha 128,000, kodi ni 152,000. Ukitoa 120,000 na 152,000 kwenye 1,200,000, anabaki na 928,000.

Mkopo wa elimu ya juu huja baada ya hapo. Bodi ya Mikopo hudai asilimia 15 ya mshahara wa msingi, si ya mshahara ghafi, kwa hiyo ni asilimia 15 ya 1,000,000, yaani 150,000. Kinachoingia benki ni 778,000. Angalia kwamba katika mshahara mmoja kuna besi tatu tofauti: NSSF imehesabiwa kwa ghafi, kodi kwa ghafi iliyotolewa NSSF, na mkopo kwa mshahara wa msingi. Makosa mengi ninayoyakuta kwenye hati za mishahara hayatokani na viwango. Yanatokana na kuchanganya besi hizi.

Turudi kwa mwenye hofu ya kuvuka milioni. Mfanyakazi wetu akiongezwa 100,000, NSSF itachukua 10,000, na 90,000 zilizobaki zitaangukia zote kwenye kipande cha asilimia 30, kwa hiyo kodi ni 27,000. Anabaki na 63,000 zaidi kuliko mwezi uliopita, kabla ya mkopo. Angekuwa bado ndani ya kipande cha asilimia 25 angebaki na 67,500. Tofauti ya kuvuka mpaka, kwa nyongeza ya laki moja, ni 4,500. Nyongeza inapungua utamu, lakini mshahara wa mkononi haushuki kwa sababu ya kodi hii.

Wanaotengeneza karatasi ya Excel mara nyingi huandika fomula ndefu ya IF ndani ya IF, na mabano yakikosewa kidogo kipande kimoja chote kinapotea. Mimi napendekeza njia fupi. Kila kipande kinaweza kuandikwa kama kiwango chake mara kipato chote, kisha unatoa kiasi kisichobadilika. Kwa kipande cha juu: asilimia 30 ya milioni ni 300,000, lakini kodi halali pale ni 128,000, kwa hiyo unatoa 172,000. Ukifanya hivyo kwa vipande vyote, kisha ukachagua jibu kubwa kuliko yote, unapata kodi sahihi bila kuuliza mtu yuko kipande gani. Kipato kinachotozwa kikiwa kwenye seli B4:

```
=MAX(0, B4*8%-21600, B4*20%-84000, B4*25%-122000, B4*30%-172000)
```

Inafanya kazi kwa sababu viwango vinapanda tu, havishuki. Kwa hiyo mstari wa kipande usichokuwemo hutoa daima jibu dogo kuliko, au sawa na, la kipande ulichomo. Ijaribu kwa 700,000: asilimia 8 inatoa 34,400, asilimia 20 inatoa 56,000, asilimia 25 inatoa 53,000, na asilimia 30 inatoa 38,000. Kubwa ni 56,000, na jedwali linasema vivyo hivyo: 20,000 jumlisha asilimia 20 ya 180,000. Siku viwango vikibadilishwa na Sheria ya Fedha, ni lazima namba hizi zote zihesabiwe upya. Kubadilisha asilimia peke yake na kuacha kiasi kinachotolewa kama kilivyokuwa ni kuharibu fomula nzima.

Hapo kuna alama nzuri ya kugundua jedwali la zamani. Kipande cha pili kilikuwa asilimia 9 kabla ya Julai 2021. Ofisi iliyobaki na karatasi ya mwaka wa fedha wa 2020/21 itamkata kila mwenye kipato kinachotozwa cha 520,000 au zaidi shilingi 2,500 za ziada kila mwezi, si zaidi wala si pungufu, awe anapata laki sita au milioni sita. Ukiona tofauti ya 2,500 kamili kati ya hesabu yako na hati ya mshahara, umeshajua pa kuanzia.

Makosa mengine nayo huacha alama. Kwa mfanyakazi wetu, kodi ikisomeka 188,000 badala ya 152,000, tofauti ni 36,000, ambayo ni asilimia 30 ya 120,000. Yaani kodi imehesabiwa kwenye ghafi kabla ya kutoa NSSF. Ikisomeka 110,500, mtu ametoa mkopo wa elimu ya juu pia kabla ya kodi, kipato kikashuka hadi 930,000 na kuangukia kipande cha asilimia 25. Kosa hili mfanyakazi hulifurahia kwa sababu kinaingia kingi, lakini TRA imepunjwa 41,500 kwa mwezi, na mwajiri ndiye atakayedaiwa pamoja na riba siku ya ukaguzi. Ikisomeka 324,000, kipato chote kimepigwa asilimia 30 bila vipande, na tofauti itakuwa ile ile 172,000 ya kwenye fomula.

Lipo moja lisiloonekana kirahisi: malipo mawili ndani ya mwezi mmoja. Tuseme mshahara umelipwa tarehe 25, kisha tarehe 28 yakalipwa malimbikizo ya 200,000 kwa orodha tofauti. Programu ya mishahara ikiichukulia orodha ya pili kama mwezi mpya, inaona kiasi kilicho chini ya 270,000 na kukata kodi sifuri. Lakini kipande kisichotozwa kinatumika mara moja kwa mwezi, na mfanyakazi wetu alishakimaliza tarehe 25. Malimbikizo hayo yanatakiwa kukaa juu ya kipato cha awali: toa NSSF 20,000, zilizobaki 180,000 zote ziko kwenye asilimia 30, kodi ni 54,000. Njia salama ni kujumlisha malipo yote ya mwezi, kuhesabu kodi ya jumla, kisha kutoa kodi iliyokwisha kukatwa.

Ukiwa na hati yako mkononi, angalia pia kama kuna mstari wa SDL au WCF upande wa makato. Tozo ya ufundi stadi na mchango wa fidia kwa wafanyakazi ni mzigo wa mwajiri, havipaswi kutoka kwenye mshahara wako.

Kuna wanaopatana mshahara kwa kutaja kiasi cha mkononi. Kwa anayekatwa NSSF ya asilimia 10 na asiye na mkopo, unaweza kurudi nyuma: toa 172,000 kwenye kiasi cha mkononi, kisha gawanya kwa 0.63. Anayetaka 1,000,000 mkononi anahitaji ghafi ya takriban 1,314,286. Njia hii inafaa pale tu kiasi cha mkononi kinapozidi 872,000. Chini ya hapo mtu yuko kwenye kipande kingine na namba hubadilika.

Na hesabu yote hii ni ya ajira kuu. Mwenye ajira mbili hapati vipande mara mbili: mwajiri wa pili hukata asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza. Kipato kinachotozwa cha 450,000 kingelipa 14,400 kama ni ajira kuu, lakini kwenye ajira ya pili kinalipa 135,000. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa pili, mwambie mwajiri mpya kwamba una ajira nyingine, na hakikisha ajira yenye mshahara mkubwa imeandikishwa kuwa ndiyo kuu. Mwajiri akikata kwa vipande bila kujua, pengo hilo la 120,600 kwa mwezi litabaki kuwa deni.